Divai ya shayiri: kuitunza chupani kwa miaka na kuinywa kwa glasi ndogo

Bia nyingi hutoka kiwandani zikiwa katika ubora wake wa juu, na kila mwezi unaopita unazipunguzia kitu. Divai ya shayiri na ndugu zake, yaani bia kali za jamii ya eli, hazifuati kanuni hiyo. Zina kilevi cha kati ya asilimia 8 na 12, zimejaa kimea, na baadhi yake hufungwa chupani zikiwa bado na hamira hai. Bass No. 1 ya mji wa Burton upon Trent, Uingereza, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuuzwa kwa jina la divai ya shayiri. Zikitunzwa vizuri, bia hizi hubadilika kwa miaka mitano, kumi, hata zaidi, na mabadiliko hayo ndiyo sababu ya kuzinunua.

Mwongozo huu ni kwa mtu aliyepata boksi la chupa sita za bia ya aina hii na anataka kuzifungua moja baada ya nyingine kwa miaka kadhaa. Mfano nitakaoutumia ni Fuller's Vintage Ale, inayotengenezwa Chiswick, London, mara moja kila mwaka tangu 1997. Ina asilimia 8.5 ya kilevi, chupa yake ni ya mililita 500, na hamira imo ndani. Hatua ni zilezile kwa bia nyingine yoyote ya kundi hili.

Kwanza: kinachotokea ndani ya chupa

Ili kupata bia kali, mtengenezaji hutumia kimea kingi sana kwa maji machache, na mara nyingi huchukua tu yale maji mazito yanayotoka mwanzo kwenye kimea kilicholowekwa. Hamira hula sehemu kubwa ya sukari na kuigeuza kilevi, lakini haiimalizi yote. Kinachobaki ni bia nzito yenye utamu, na uchungu mwingi wa hopsi, yaani maua yanayotiwa kwenye bia, uliowekwa kwa makusudi ili kuusawazisha utamu huo. Ikiwa changa, sehemu hizi hazijaelewana. Kilevi kinachoma kooni, hopsi zinauma ulimi, na utamu umekaa pembeni peke yake.

Muda hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Uchungu wa hopsi hupungua, kwa sababu viini vyake huvunjika taratibu hata pasipo mtu kufungua chupa. Wakati huohuo hewa kidogo iliyobaki chini ya kizibo, pamoja na ile inayopenya polepole sana kwenye mpira wa kizibo, hugusana na viini vya kimea na kilevi, na hapo huzaliwa ladha mpya: zabibu kavu, tende, tini, tofi, na ile harufu ya karanga inayopatikana kwenye divai ya sheri. Hewa hiyohiyo ikiwa nyingi au ikifanya kazi kwenye joto kubwa huharibu. Kwa hiyo kuhifadhi bia ni kuisimamia hewa: isiwe nyingi, na isifanye haraka.

Hapa ndipo hamira hai inapokuwa na thamani. Chupa inapofungwa, hamira hula sukari kidogo iliyowekwa humo, hutoa gesi, na katika kufanya hivyo huichukua hewa iliyobaki kabla haijaanza kuchafua ladha. Kisha hutulia chini na kuwa mashapo. Lakini ulinzi huu una kikomo. Hamira huchoka ndani ya kilevi kikali, na baada ya miaka kadhaa hufa na kuanza kuoza. Bia iliyopita hapo hunusa kama sosi ya soya au mchuzi wa nyama. Watu wengine huipenda harufu hiyo ikiwa kidogo sana. Ikizidi, mimi siioni kuwa ukomavu hata kidogo, ni bia iliyochelewa.

Kuchagua chupa zinazostahili kungoja

Usihifadhi kila bia kali. Bia ambayo utamu wake wote ni harufu ya hopsi mpya hupoteza kile ulichokilipia ndani ya miezi michache, hata ikiwa na asilimia 9. Chini ya asilimia 7 au 8 bia nyingi huwa hazina mwili wa kutosha kubeba mabadiliko: uchungu ukiondoka hakuna kilichobaki cha kuchukua nafasi yake. Tafuta bia ambayo leo inaonekana kuwa na kila kitu kwa wingi kupita kiasi, yaani utamu, uchungu na kilevi. Ile inayoteleza vizuri leo, inywe leo.

Kujua kama hamira imo, soma lebo kwanza. Kisha shika chupa dhidi ya taa na uiinamishe polepole sana: utaona vumbi jepesi la rangi ya maziwa likiinuka kutoka kwenye sakafu ya chupa. Chupa iliyochujwa haina vumbi hilo. Angalia pia tarehe ya kufungwa au mwaka wa toleo, na ukague kizibo kisiwe na kutu wala kilichopinda. Chupa iliyokaa dirishani mwa duka au chini ya taa kali iache hapohapo, hata kama bei yake imeshushwa. Mwanga hukutana na viini vya hopsi na kutoa harufu ya kicheche, na harufu hiyo ikishaingia haitoki. Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ila si wote. Kioo cha kijani na cheupe huzuia kidogo mno.

Mahali pa kuziweka

Mambo matatu yanatosha: giza, joto la chini lisiloyumba, na chupa kusimama wima.

Joto linalofaa ni nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi. Kama kanuni ya kukadiria, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huharakisha uzee wa bia mara mbili hadi tatu. Boksi lililokaa kwenye nyuzi 12 kwa mwaka mmoja na lile lililokaa kwenye nyuzi 25 kwa miezi mitatu hadi mitano huenda yakawa yamezeeka kwa kiasi kinachokaribiana. Lakini usidhani joto ni njia ya mkato. Kwenye joto, ladha mbaya ya karatasi iliyolowa huja mbele kabla ya zabibu na tende kupata nafasi. Hutakuwa umepata miaka mitano ndani ya miwili, utakuwa umepata bia tofauti na iliyo duni.

Kwa mtu asiye na chumba cha chini ya ardhi, jokofu dogo lililowekwa kwenye kipimo chake cha joto zaidi ndilo suluhisho bora. Hata likikaa kwenye nyuzi 8, bia itakomaa, ila taratibu zaidi. Ukikosa jokofu, chagua sehemu ya ndani kabisa ya nyumba, sakafuni, mbali na jiko na ukuta unaopigwa na jua, na uziweke chupa ndani ya boksi lake. Weka kipimajoto humo kwa wiki moja na usome asubuhi na jioni. Tofauti ya nyuzi 2 haina neno. Tofauti ya nyuzi 8 kati ya mchana na usiku ni mbaya kuliko joto la nyuzi 18 lisilobadilika, kwa sababu kila joto linapopanda na kushuka, gesi iliyo shingoni hupanuka na kusinyaa na kizibo hufanyishwa kazi isiyo yake. Mahali panapozidi nyuzi 22 mwaka mzima si pa kuhifadhia bia: hapo inywe ndani ya mwaka mmoja na usijidanganye.

Chupa isimame, isilazwe. Inaposimama, mashapo hukusanyika kwenye duara dogo chini na eneo la bia linaloguswa na hewa shingoni huwa dogo. Ukiilaza, mashapo hushika ubavu mzima wa chupa, na siku ya kumimina utayaamsha yote.

Andika kwenye kipande cha karatasi na ukifunge shingoni: mwaka wa toleo, siku uliyoinunua, na mahali ilipokaa. Miaka minne baadaye huwezi kukumbuka kama chupa ile ilikaa miezi mitatu kabatini kabla ya kuhamia jokofuni, na jambo hilo ndilo litakaloeleza kwa nini inatofautiana na mwenzake.

Kwa nini glasi ndogo

Sababu ya kwanza ni hesabu. Chupa ya mililita 500 ya bia ya kawaida yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi. Chupa ya ukubwa huohuo yenye asilimia 10 ina mililita 50, yaani chupa mbili nzima za bia ya kawaida, na kwa sababu utamu unaficha makali, kinywa hakikuonyi. Ndiyo maana huko Uingereza divai ya shayiri iliuzwa kwa miaka mingi katika vichupa vya takriban theluthi moja ya painti, mililita 180 hadi 190 hivi. Kipimo hicho cha bia ya asilimia 10 kina mililita 19 za kilevi, kiasi kinachokaribia kilichomo kwenye painti nzima ya bia nyepesi ya asilimia 4. Waliopanga ukubwa ule wa chupa walijua wanachokifanya. Na anayeendesha chombo, mjamzito, au anayetumia dawa zisizopatana na kilevi, asijihesabie usalama kwa sababu glasi ni ndogo.

Sababu ya pili ni joto, na kwangu ndiyo yenye uzito. Bia hii haina ladha moja. Ikiwa kwenye nyuzi 8, utasikia uchungu na utamu tu, na harufu imelala. Kwenye nyuzi 12, tofi na matunda makavu hujitokeza. Kwenye nyuzi 15 au 16, ile harufu ya sheri na ngozi hufunguka yote. Ikivuka nyuzi 18, kilevi hutangulia pua na kuyafunika mengine. Mililita 150 kwenye glasi yenye tumbo, ukiipakata kiganjani, hupita safari hiyo kwa takriban nusu saa, na wewe unaifuata kwa mikupuo midogo. Glasi kubwa iliyojazwa hubaki baridi kwa muda mrefu mno, kisha mwisho wake huwa vuguvugu na haina gesi, na kinywa kimeshachoshwa na utamu kabla ya kufika kule kwenye ladha nzuri.

Glasi inayofaa ina ujazo wa mililita 200 hadi 300, tumbo pana na mdomo uliobana. Usiijaze zaidi ya nusu au kidogo kupita hapo. Nafasi tupu iliyo juu ya bia ndiyo inayokusanya harufu. Ioshe kwa sabuni kidogo, uisuuze kwa maji ya moto mara mbili, uiache ikauke yenyewe ikiwa imeinamishwa. Mafuta ya kitambaa huua povu, na bia nzee haina povu la kupoteza.

Sababu ya tatu inahusu mashapo, na inaunganisha glasi ndogo na chupa yenye hamira. Chupa ya namna hii lazima imiminwe kwa mwinamo mmoja usiokatika. Ukiisimamisha katikati ili uongeze baadaye, bia hurudi nyuma kwa kishindo na kuyatifua mashapo, na glasi ya pili inakuwa na tope. Kwa hiyo huwezi kumimina kidogo, ukaiweka, ukarudia. Panga glasi ndogo tatu kwa mstari na uzijaze zote kwa mkono mmoja, bila kuinua shingo ya chupa.

Kumimina, hatua kwa hatua

Chupa iliyosafirishwa au kuhamishwa ipe siku mbili au tatu ikiwa imesimama bila kuguswa. Iliyozeeka zaidi ya miaka mitano ipe wiki. Siku yenyewe, kama imetoka kwenye jokofu la nyuzi 4, itoe dakika 45 hadi saa moja kabla. Iliyokuwa kwenye nyuzi 12 iko tayari.

Fungua polepole, ukiinua ukingo wa kizibo kidogo tu mwanzoni, na usikilize. Mlio mfupi wa gesi ni habari njema. Ukimya kwa chupa ya miaka minane si lazima uwe msiba, maana bia hizi huwa na gesi chache tangu mwanzo, lakini ukimya kwa chupa ya mwaka mmoja una maana kizibo kilivuja. Povu likianza kupanda lenyewe kwa nguvu, rudisha kizibo kwa kidole gumba na uipeleke chupa kwenye sinki: kuna vijidudu au hamira ya porini iliyokula sukari ambayo haikupaswa kuliwa. Chupa nyingine za boksi hilo ziweke kwenye baridi mara moja na uzishike kwa kitambaa kizito, kwa sababu zinaweza kupasuka.

Nusa shingo ya chupa kabla ya kumimina. Kisha inamisha glasi ya kwanza na uache bia iteleze ubavuni mwake. Jaza robo tatu ya kiasi unachotaka, hamia ya pili, kisha ya tatu, chupa ikibaki imeinama muda wote, halafu rudi ukizikamilisha kwa mpangilio wa kinyume. Weka taa nyuma ya bega la chupa. Utaona uzi mwembamba wa ukungu ukisogea kutoka chini kuelekea shingoni. Ukifika begani, acha. Mililita 20 hivi zitabaki na mashapo. Hayana sumu, ingawa yakiwa mengi yanaweza kuvuruga tumbo. Yamimine kwenye glasi yake ndogo na uyaonje mwisho: yakinusa mkate, hamira iko salama. Yakinusa sosi ya soya wakati bia yenyewe bado ni safi, umepata onyo la mapema kwamba boksi hilo halina miaka mingi mbele yake.

Boksi moja, chupa sita

Tuchukue sasa lile boksi la Vintage Ale. Mililita 500 kwa asilimia 8.5 ni mililita 42.5 za kilevi. Ukitoa mashapo, unabaki na glasi tatu za mililita 160, kila moja ikiwa na mililita 13.6 za kilevi, zaidi kidogo ya nusu ya zile 25 za chupa ya bia ya kawaida. Kila chupa basi ni ya watu watatu, na hilo lina faida nyingine: pua tatu hugundua kasoro ambayo moja huikosa.

Chupa ya kwanza ifunguliwe wiki ileile. Wengi huiruka hatua hii kwa kuona uchungu wa kupoteza chupa moja, kisha wanabaki bila kipimo cha kulinganishia. Andika mambo manne tu: uchungu una nguvu gani, kilevi kinachoma kiasi gani, tunda gani linasikika, na bia inaacha nini kooni baada ya kumeza. Kwa bia changa ya namna hii tegemea jamu ya machungwa, hopsi zinazouma na joto la kilevi.

Ya pili ni baada ya mwaka mmoja. Usivunjike moyo ikiwa ni duni kuliko ya kwanza. Mara nyingi uchungu umeshapungua na matunda makavu hayajafika, na bia inaonekana kupwaya. Kinachotafutwa hapa ni kasoro moja: karatasi iliyolowa, kama boksi lililonyeshewa. Tofautisha na sheri. Sheri hukaa na utamu na hurefusha ladha. Karatasi hukausha ulimi na kuikata ladha ghafla. Ukiipata karatasi mwaka wa kwanza, mahali pako pana joto mno au chupa ziliteseka kabla hujazinunua. Zilizobaki zinywe ndani ya miezi sita.

Kama ni safi, ya tatu ifunguliwe mwaka wa tatu. Hapo tofi na zabibu kavu zinapaswa kuwa zimeanza kuchukua nafasi ya machungwa, na kilevi kiwe kimetulia. Ya nne ngojea hadi mwaka wa tano. Kwa boksi lililokaa kwenye nyuzi 12, huu ndio mwaka ambao ningeutarajia zaidi: utamu mwingi wa matunda makavu, harufu ya ngozi, uchungu uliobaki kama kivuli cha kuzuia bia isiwe sharubati.

Chupa ya nne ndiyo itakayoamua hatima ya mbili za mwisho. Ikiwa bado inauma na machungwa yanasikika, unaweza kwenda hadi mwaka wa nane kwa ya tano na wa kumi kwa ya sita. Ikiwa imekomaa vizuri na huoni cha kuongeza, zote mbili zinywe ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwa sababu bia iliyofika kileleni hukaa hapo kwa muda mfupi kuliko ule iliyotumia kupanda. Ikiwa mashapo yananuka soya au bia imeanza kuwa nyembamba kinywani, usingoje kabisa.

Ukiwa na maboksi ya miaka tofauti na unataka kuonja kadhaa kwa mkao mmoja, punguza kila glasi iwe mililita 60 hadi 80, usizidishe matoleo manne, na uanze na ile ya zamani zaidi kuelekea changa. Wengine hufanya kinyume, lakini hopsi za bia changa zikishaushika ulimi, ladha laini za chupa ya miaka kumi hazisikiki tena.